Kuondoa akaunti inayotumia jina na picha yako: kisa cha muuza dagaa wa Kirumba

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba, alipigiwa simu na mteja wa Dodoma akiulizia mzigo aliokwisha kuulipia. Yeye hakuwa na oda hiyo. Facebook kulikuwa na akaunti ya pili yenye jina lake na picha yake akiwa mbele ya magunia, ila namba ya kutuma pesa ilikuwa ya mtu mwingine. Kazi yangu hapa Mwanza ni kusaidia watu kwenye mambo haya, na kisa chake kina karibu kila kikwazo ninachokutana nacho.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi, na usimwandikie tapeli. Ukimwandikia atakublock, na pengine atabadili jina. Piga picha za skrini za ukurasa wake, matangazo, na mazungumzo aliyofanya na wateja. Kisha chukua kiungo: bonyeza nukta tatu kwenye ukurasa wake, nakili. Kiungo ndicho muhimu zaidi, kwa sababu akaunti zenye jina kama lako zinaweza kuwa kumi, na mkaguzi wa Facebook anahitaji kujua ni ipi. Mama yetu alikuwa ameshablokiwa, akitafuta haoni kitu. Binti yake ndiye aliyeifungua kwa simu yake na kunakili kiungo.

Hatua ya 2: Ripoti akaunti yenyewe. Watu wengi huripoti tangazo moja, likafutwa hilo tu, akaunti ikabaki. Ingia kwenye ukurasa wa akaunti, nukta tatu, `Report`, kisha chagua sababu inayohusu kujifanya mtu mwingine. Mpangilio wa menyu hubadilika mara kwa mara, lakini utaulizwa anaigizwa nani. Mwenyewe achague `Me`. Ndugu na wateja wachague `A friend`, kisha waonyeshe akaunti halisi.

Hapa wateja wake walikuwa wamekosea kwa nia njema: wengi waliripoti kama matangazo ya kero. Ripoti ya namna hiyo haimwambii mkaguzi kwamba kuna mtu halisi aliyeibiwa sura, kwa hiyo wingi wake haukusaidia. Ripoti moja ya mwenye jina, yenye kitambulisho, ina uzito kuliko hizo zote.

Hatua ya 3: Aliyeblokiwa au asiye na akaunti atumie fomu. Ipo kwenye `Help Center` ya Facebook, na Instagram wana yao. Utajaza jina lako, barua pepe, kiungo cha akaunti bandia, kisha utapakia kitambulisho. Instagram huweza kutaka picha yako ukiwa umekishika kitambulisho, uso na maandishi vyote vikisomeka.

Hatua ya 4: Kitambulisho. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Kadi ya NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura, yoyote kati ya hizo inafaa. Namba ya NIDA peke yake haitoshi, maana mkaguzi analinganisha sura na jina. Cheti cha kuzaliwa kina jina na tarehe, lakini hakina sura, na kwa picha iliyoibiwa sura ndiyo hoja yako.

Mama yetu alikuwa na namba ya NIDA bila kadi, kwa hiyo tulitumia kadi ya mpiga kura. Jina la akaunti yake halisi lilikuwa la biashara, la kadi ni la ukoo. Tulijaza jina la kadi kama lilivyo, kisha tukaeleza kwa sentensi mbili kwamba picha zilizoibiwa ni zake na akaunti yake halisi ni ipi.

Piga picha kwenye mwanga wa mchana bila flashi, pembe zote nne zionekane. Namba ya kitambulisho unaweza kuifunika. Jina, sura na tarehe ya kuzaliwa viache wazi. Na ukipata ujumbe wa mtu anayejiita mhudumu wa Facebook akikuomba kitambulisho kwa WhatsApp au inboksi, usimpe. Huyo ni tapeli wa pili.

Hatua ya 5: Fuatilia. Ukiripoti ukiwa ndani ya akaunti yako, majibu huja kwenye `Support Inbox`. Ya fomu huja kwa barua pepe, kwa hiyo angalia na folda ya spamu. Ukikataliwa, usirudie ripoti ileile. Omba ipitiwe upya, au tuma fomu yenye kile kilichopungua, mara nyingi picha ya kadi isiyosomeka. Mama yetu alikataliwa kwa ripoti ya kwanza isiyo na kitambulisho. Ile ya fomu ndiyo iliyoiondoa akaunti.

Kufutwa kwa akaunti hakurudishi pesa ya mteja, wala hakufungi namba ya tapeli. Kama kuna SMS za utapeli, zitume kwenda 15040, na piga `*106#` uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Aliyetapeliwa pesa aende polisi na risiti za muamala pamoja na picha za skrini za hatua ya kwanza. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.