Kulinda stata nzima dhidi ya hitilafu ya ardhi: kuseti 59N na 27TN zipokezane vizuri

Mwongozo huu ni wa jenereta iliyofungwa moja kwa moja na transfoma yake ya kupandisha volteji, delta ikiwa upande wa jenereta na nyota upande wa gridi. Nyutro ya jenereta inashuka ardhini kupitia transfoma ndogo yenye rezista upande wa sekondari. Kwa mpango huo, hitilafu ya ardhi kwenye stata hupitisha ampea chache tu, na kiini cha chuma hakiungui kwa haraka. Ubaya wake ni kwamba mkondo huo ni mdogo mno kwa rilei ya difarensho kuuona, kwa hiyo tunaitafuta hitilafu kwa volteji ya nyutro, tukitumia rilei mbili: 59N, inayotripu volteji hiyo ikipanda, na 27TN, inayolinda sehemu ya koili iliyo karibu na nyutro.

Nitatumia mashine moja mwanzo hadi mwisho: kilovolti 15, hezi 50, na transfoma ya nyutro ya 15000/240.

Hatua ya 1: Seti 59N

Fezi ikigusa ardhi kwenye ncha ya jenereta, nyutro hupanda hadi volteji kamili ya fezi. Ikigusa katikati ya koili, nyutro hupanda nusu yake. Kwa hiyo kinachosomwa na rilei kinakwenda sambamba na umbali wa hitilafu kutoka nyutro.

```
15000 / 1.732 = 8660 V
8660 / 62.5   = 138.6 V   (ncha ya jenereta)
138.6 x 0.05  = 6.9 V     (asilimia 5 kutoka nyutro)
```

Seti 7 V, na hakikisha rilei inapima hezi 50 peke yake. Isipochuja harmoniki ya tatu, volti zilizopo kwenye nyutro kila siku zitaichanganya.

Muda usiufupishe. Delta inazuia mkondo wa ardhi wa gridi usiingie kwa jenereta, lakini kapasitansi kati ya koili za juu na za chini za transfoma hupitisha kiasi cha volteji. Hitilafu ya ardhi kwenye laini ya gridi inaweza kuifikisha nyutro karibu na hizo volti 7. Muda wa 59N lazima uzidi muda mrefu kabisa ambao ulinzi wa gridi unaweza kuchukua kuikata hitilafu hiyo, pamoja na ulinzi wake wa akiba.

Sasa tuna asilimia 95 ya koili. Asilimia 5 iliyobaki karibu na nyutro haina ulinzi, na hitilafu ikikaa pale bila kuonekana, nyutro inakuwa imeshika ardhi bila kupitia rezista. Hitilafu ya pili ikitokea kwenye ncha, mkondo hauna tena wa kuuzuia.

Hatua ya 2: Pima harmoniki ya tatu kabla ya kuseti chochote

Jenereta yenyewe huzalisha volteji kidogo ya hezi 150, ambayo hugawanyika kati ya nyutro na ncha. Tuiite V3N upande wa nyutro na V3T upande wa ncha. Nyutro ikigusa ardhi, V3N hufa na volteji yote huhamia V3T. 27TN hutripu V3N ikishuka chini ya kiwango ulichoseti.

Volteji hii hubadilika sana kulingana na mzigo, na makosa mengi huanzia hapo. Pima kuanzia bila mzigo hadi mzigo kamili, na pia jenereta inapovuta megavari kutoka gridi. Kama V3T unaisoma kwenye delta iliyo wazi, kumbuka inakupa jumla ya fezi tatu. Igawe kwa 3, kisha ibadilishe iwe kwenye uwiano mmoja na V3N. Mashine yetu ilisoma hivi:

```
MW    V3N   V3T   jumla
0     2.1   2.6   4.7
20    1.8   2.2   4.0
50    2.7   3.3   6.0
80    4.0   4.9   8.9
```

Angalia: usomaji mdogo kabisa haukuwa bila mzigo, ulikuwa MW 20.

Hatua ya 3: Seti kwa usomaji mdogo, kisha kagua kwa usomaji mkubwa

Chukua nusu ya V3N ndogo kabisa: 0.9 V. Wengi huishia hapo. Swali linalobaki ni kama 27TN inafika mahali 59N inapoanzia.

Hitilafu ikiwa kwenye sehemu fulani ya koili, V3N inakuwa takriban sehemu hiyo hiyo ya jumla. Kwa hiyo gawa kiwango ulichoseti kwa jumla:

```
MW 20:  0.9 / 4.0 = 0.22
MW 80:  0.9 / 8.9 = 0.10
```

Kwenye mzigo mdogo 27TN inalinda asilimia 22 kutoka nyutro, lakini kwenye mzigo kamili ni asilimia 10 tu. Mashine inapozalisha harmoniki nyingi ndipo kinga hii inapofika karibu zaidi. Hapa tuko salama, kwa sababu 59N inaanzia asilimia 5. Lakini kama usomaji mdogo ungekuwa 0.7 V, tungeseti 0.35 V, na kwenye mzigo kamili tungefika asilimia 4 pekee. Kati ya 4 na 5 pangebaki pengo ambalo hakuna rilei inayoliona. Hali hiyo ikikukuta, usilazimishe 27TN. Tumia rilei inayolinganisha V3N na V3T, au 64S inayoingiza hezi 20 kwenye nyutro na kulinda koili yote hata mashine ikiwa imesimama.

Mwisho, ifunge 27TN isifanye kazi volteji ya jenereta ikiwa chini ya asilimia 85, la sivyo itatripu kila unapowasha au kuzima. Muda wa sekunde 5 unatosha.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma tripu

Mashine hii iliwahi kuwa na 27TN ya 2.0 V. Aliyeseti alipima kwenye MW 80 tu, akapata 4.0 V, akachukua nusu. Wiki kadhaa baadaye mzigo ulishushwa usiku hadi MW 20, ikatripu. Tulishinda siku nzima tukipima insulesheni, koili zikawa nzima kabisa. Rekodi ya rilei ilikuwa na jibu tangu mwanzo: V3N 1.8, V3T 2.2. Vyote viwili vilikuwa vimeshuka pamoja.

Hitilafu ya kweli kwenye nyutro ingeonyesha V3N karibu na sifuri huku V3T ikipanda hadi 4.0. Na ukiona V3N ni sifuri lakini V3T haikusogea, shuku waya uliochomoka kati ya transfoma ya nyutro na rilei. Huo ni mbaya kuliko unavyodhani, kwa sababu 59N nayo inapima kupitia waya huo huo.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa kuweka ardhi ya kweli

Mashine ikiwa imesimama, eksaitesheni imezimwa na breka ya gridi iko wazi, funga ncha ya fezi moja ardhini. Zungusha hadi kasi kamili, kisha pandisha eksaitesheni polepole sana. 59N inapaswa kuamka ncha zikiwa na takriban volti 750 kati ya fezi na fezi. Kama usumaku uliobaki unazalisha zaidi ya hapo, rilei itaamka kabla hujagusa eksaitesheni.

Simamisha mashine, hamishia ardhi kwenye nyutro, kisha pandisha hadi volteji kamili bila mzigo. V3N iwe sifuri, V3T itoke 2.6 ifike karibu 4.7, na 27TN itripu baada ya sekunde 5. Simamisha tena, ondoa waya wa ardhi kwa mkono wako mwenyewe, na upime insulesheni kabla ya kurudisha mashine kazini.