Grafu ya maji ya Ziwa Viktoria: namna ya kuieleza mwaloni ikaeleweka

Grafu ninayoizungumzia hapa wengi wetu tunaofanya kazi na jamii za kando ya ziwa tumeibeba mikutanoni. Inaonyesha usawa wa maji ya Ziwa Viktoria kwenye kipimo cha Jinja, Uganda. Usawa wa ziwa hili umepimwa tangu mwaka 1896. Kwa kawaida huletwa na kila kitu kwa mpigo: usawa wa maji kushoto, maji yanayotoka kwenda Mto Nile kulia, mistari miwili ya rangi, na alama za mabwawa. Mtaalamu anaonyesha kilele cha mwisho na kusema, "Kama mnavyoona." Watu hawajaona kitu. Wanatikisa vichwa kwa adabu tu, na swali la kwanza linahusu posho ya usafiri.

Mimi huieleza hivi: mihimili kwanza, halafu umbo moja tu, halafu maana ya umbo hilo.

Kabla ya mkutano: ichane grafu vipande

Tengeneza picha nne za grafu ileile. Ya kwanza ina mihimili mitupu, bila mstari wowote. Ya pili ina mwaka mmoja tu. Ya tatu ina mstari wote kwa kijivu, isipokuwa miaka ya 1961 hadi 1964 iliyokolezwa. Ya nne ni kama ya tatu, ila umeongeza mstari mlalo kwenye mita 13.4.

Mstari wa maji yanayotoka, pamoja na mhimili wake wa kulia, uondoe kabisa. Una hadithi yake na unastahili grafu yake. Mihimili miwili ya wima kwenye picha moja huwachanganya hata wahandisi.

Fremu isisogee unapotoka picha moja kwenda nyingine. Programu nyingi hubadilisha vipimo vya mihimili zenyewe kila data inapobadilika, na hapo unakuwa umewapa watu grafu mpya bila kuwaambia. Kwa Python, funga mihimili kwenye kila picha:

```python
plt.xlim(1900, 2021)
plt.ylim(10, 14)
```

Mwaloni kusipokuwa na umeme wala projekta, chora kwenye karatasi kubwa na uifunike kwa karatasi nyingine unayoivuta taratibu. Inafanya kazi vizuri kuliko projekta, kwa sababu mkono wako ndio unaoonyesha pa kutazama.

Hatua ya kwanza: mihimili mitupu

Hapa usiwe na haraka. Anza na mhimili mlalo, ambao ni rahisi. "Huku kushoto ni mwaka 1900. Huku kulia ni juzi juzi, 2020. Mzee, wewe ulizaliwa wapi hapa?" Mwache aje aweke kidole. Akishaweka, mhimili huo umeeleweka na kila mtu.

Mhimili wima ndio wenye mtego, tena mitego miwili. Wa kwanza: namba zinaanza kumi, si sifuri. Mtu akiona mstari umetoka chini kabisa hadi juu kabisa ya karatasi, atadhani ziwa lilikauka likajaa tena. Wa pili umejificha zaidi: mita 13 si kina cha ziwa. Sifuri ya kipimo cha Jinja ni alama iliyochaguliwa na watu, kama mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, na chini yake bado kuna maji mengi. Kina cha ziwa sehemu ya ndani kabisa ni kama mita 80. Wavuvi wanajua hivyo kwa kamba na nyavu zao, kwa hiyo ukisema "ziwa lina mita 13" wanakuona mwongo papo hapo, na hawakuambii.

Mimi husema: "Hii si namba ya kina. Ni namba inayosomwa kwenye nguzo pale Jinja. Kutoka mstari huu hadi huu unaofuata ni mita moja, yaani kutoka ardhini hadi kiunoni kwa mtu mzima." Halafu nawauliza maji yakipanda mita moja, yatafika wapi hapa mwaloni. Wataanza kubishana: kwenye kichanja cha dagaa, kwenye mlango wa mama muuza chai. Waache wabishane. Sasa mhimili wima uko kwenye udongo wao.

Hatua ya pili: mwaka mmoja

Hii ni fupi. Onyesha mwaka mmoja na ueleze kwamba mvua za Machi hadi Mei hupandisha maji, kilele huja karibu na Mei au Juni, kisha yanashuka. Lengo ni kwamba ukifunua mstari wote, yale meno madogo ya msumeno yasiwashtue. Kila jino ni mwaka. Baada ya hapo usiyataje tena.

Hatua ya tatu: umbo moja

Funua mstari wote, kisha nyamaza kidogo. Macho ya watu yatakimbilia vilele na mashimo yote, na mtu atauliza kuhusu shimo la 2006. Mwambie, "Ndugu, tutafika huko," kisha rudisha kidole kwenye sehemu iliyokolezwa.

Eleza umbo kabla ya sababu: "Kabla ya 1961 mstari unazunguka karibu na mita 11. Kufika Mei 1964 uko 13.41. Miaka mitatu tu, karibu mita mbili na nusu." Fuata mstari kwa kidole ukisema. Kisha waonyeshe upande wa pili: ulivyopanda kwa miaka mitatu sivyo ulivyoshuka. Kushuka kulichukua miongo.

Hatua ya nne: maana

Mtu atasema ni bwawa. Ni dhana ya haki, na mhimili mlalo unaijibu: bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa 1954, miaka saba kabla ya mstari kuruka. Kilichobadilika 1961 ni mvua. Mvua za mwisho wa mwaka huo zilikuwa nyingi mno, na miaka iliyofuata nayo ilinyesha vizuri. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hunyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa huondoka kwa mvukizo.

Kwa nini basi yalishuka polepole? Mlango wa kutokea ni mmoja, Nile pale Jinja. Mita moja ya maji kwenye ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800 ni kilomita za ujazo karibu 69. Mto ukitoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kwa mwaka unaondoa kama 31 na nusu. Hata mvua na mvukizo vikilingana kabisa, na mito isilete tone, mita moja tu inahitaji zaidi ya miaka miwili. Hesabu hii nawatajia tu wanaoiuliza. Wengine inatosha kuwaambia mlango ni mdogo.

Sasa weka picha ya nne. Mstari mlalo unagusa kilele cha 1964 na kile cha Mei 2020, 13.42. Tofauti ni sentimita moja. Katikati yake kuna 2006, maji yakiwa chini ya mita 11. Waulize waliojenga kipindi kile: "Mlipoweka msingi, mstari ulikuwa wapi?" Jibu hulitoa wenyewe: walijenga mahali ambapo maji yalikuwa yameshafika 1964.

Shimo la 2006 likiulizwa tena, sasa lijibu: ukame ulichangia, na maji yaliyotolewa kwenye mabwawa kupita kiwango kilichokubaliwa yalichangia. Ndipo grafu ya maji yanayotoka ina kazi, na ndiyo unayofungua, ukianza upya na mihimili yake.

Wakiuliza maji yatapanda tena lini, sema wazi kwamba grafu hii haina jibu hilo. Inaonyesha yanaweza kufika wapi. Kisha mwombe mtu mmoja, si mwenyekiti, aje aonyeshe mita 13.4 ni wapi nje pale. Akielekeza kwenye mlango wa nyumba, ameelewa. Akielekeza ziwani, mhimili wima haujaeleweka, rudi picha ya kwanza.