Jaribu chapati na maharage kwa wiki mbili kabla ya kulipa kodi ya fremu

Nimeuza chakula cha asubuhi jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kosa langu la gharama kubwa zaidi nililifanya kabla sijauza hata sahani moja: nililipa kodi ya miezi sita ya fremu niliyoipenda kwa sababu barabara yake ilikuwa na watu wengi. Watu walikuwa wengi kweli, lakini wengi wao walikuwa wakikimbilia daladala, na anayekimbilia daladala haketi kula. Jambo hilo ningelijua kwa siku nne tu kama ningesimama pale na ndoo ya chapati.

Mwongozo huu unafuata mfano wa kijana mmoja niliyemsaidia kupanga jaribio lake. Alikuwa na akiba ya shilingi 2,500,000 na alitaka kufungua mgahawa mdogo wa chapati na maharage ya nazi kwenye mtaa wa mafundi cherehani. Bei nilizotaja ni zile tulizozikuta sokoni wakati ule, kwa hiyo wewe weka za soko lako.

Hatua ya kwanza: tenga fedha inayorudi na isiyorudi

Chukua karatasi na uandike kila kitu unachokusudia kununua, kisha jiulize kuhusu kila kimoja: biashara ikifa mwezi wa tatu, nitapata nini nikikiuza? Sufuria, jiko la gesi na meza vitauzika, ingawa kwa hasara. Kodi haiuziki. Katika mfano wetu fremu ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Jumla ni shilingi 1,050,000, zaidi ya theluthi moja ya akiba yote, na hakuna hata senti yake ambayo ingerudi.

Jaribio linapaswa kujibu swali ambalo fedha hiyo isiyorudi inalitegemea. Hapa swali halikuwa kama kijana anajua kupika, kwa kuwa chapati zake zilikuwa nzuri na kila jirani alilijua hilo. Swali lilikuwa hili: je, wapo watu wa kutosha karibu na fremu ile watakaonunua sahani ya shilingi 1,500, wakarudi kesho na keshokutwa bila kubembelezwa?

Hatua ya pili: piga hesabu ya sahani moja

Sahani yake ilikuwa chapati mbili na bakuli la maharage. Kilo moja ya unga wa ngano ilimpa chapati 12, kwa hiyo sahani 30 zilihitaji kilo tano, yaani shilingi 10,000. Mafuta yalikuwa 6,000, maharage kilo mbili 6,000, nazi tatu 3,000, vitunguu, nyanya na chumvi 2,000, na vifungashio 2,000. Jumla ni shilingi 29,000, ambayo ukiigawa kwa sahani 30 unapata kama shilingi 970 kwa sahani. Kila sahani inayouzwa kwa 1,500, kwa hiyo, inaacha shilingi 530.

Kisha kuna gharama ambazo hazijali umeuza sahani ngapi. Katika jaribio zilikuwa mkaa 4,000 na bodaboda 3,000 kwa siku. Ongeza ujira wako mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa maana huhesabu kazi yao kuwa bure na kuita faida kile ambacho ni kibarua kisicholipwa. Tuliweka ujira wa 8,000 kwa siku.

Sasa hesabu upya kana kwamba umeshaingia kwenye fremu. Bodaboda inaondoka, lakini kodi ya 150,000 ikigawanywa kwa siku 26 za kazi ni karibu 5,800 kwa siku, na maji, umeme na usafi tulikadiria 1,500. Ukijumlisha na mkaa na ujira unapata 19,300. Ligawe kwa 530 na utaona kwamba fremu inahitaji sahani 37 kila siku ili isile akiba. Namba hiyo ya 37 ndiyo kipimo ambacho jaribio zima lilipimwa nacho.

Hatua ya tatu: andika masharti ya kuendelea na kuacha

Yaandike kabla ya siku ya kwanza na umkabidhi nakala mtu asiyekuonea haya. Ukisubiri matokeo ndipo uamue, moyo utatafuta sababu ya kuendelea, maana umeshawaambia watu kwamba unafungua mgahawa. Masharti ya kijana yalikuwa kwamba wastani wa wiki ya pili ukifika sahani 30, ataanza mazungumzo ya fremu na kuomba kulipa miezi mitatu badala ya sita, kwa matarajio kwamba wapita njia wataongeza zilizobaki. Ukiwa kati ya 20 na 29, atabadilisha jambo moja tu na kujaribu wiki moja zaidi. Ukiwa chini ya 20, ataacha. Pia aliweka kikomo cha hasara cha shilingi 100,000, na fedha hiyo aliitoa kwenye akiba na kuiweka peke yake ili isichanganyike na ya nyumbani.

Tuliitazama wiki ya pili kwa makusudi. Wiki ya kwanza hujaa marafiki, ndugu na wanaotaka kuonja kitu kipya.

Hatua ya nne: azima vyombo, lakini usipunguze bei

Kijana aliazima hotpoti mbili, akapikia jiko la nyumbani, akamwomba mwenye gereji iliyoko kama mita 300 kutoka kwenye fremu ile amruhusu kuuzia hapo, na akazungumza na afisa afya wa kata kuhusu upimaji wa afya kwa wauza chakula. Hayo yalimchukua siku mbili.

Kitu ambacho hakikupaswa kushushwa ni bei. Wengi huanza na bei ya chini "ili watu wazoee", halafu wanashangaa wateja wanapokimbia bei ya kweli. Sahani ikiuzwa kwa 1,000 inaacha shilingi 30 tu juu ya gharama ya vitu, na haikuambii lolote kuhusu mteja wa 1,500. Vivyo hivyo usimpe mtu sahani ya bure ya kuonja, kwa sababu kila anayekula bure husifu.

Hatua ya tano: weka daftari linaloonyesha anayerudi

Kila siku andika sahani ulizopika, zilizolipwa papo hapo, zilizokopwa, zilizobaki, na saa ambayo sahani ya mwisho iliuzwa. Saa hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Sahani 20 zilizokwisha saa mbili na nusu asubuhi ni habari tofauti kabisa na sahani 20 zilizokwisha saa tano, kwa sababu za kwanza zinaonyesha huenda kuna wateja waliorudi mikono mitupu.

Ukurasa wa pili ni wa wateja. Si lazima ujue majina yao. "Fundi wa magari mwenye kofia nyekundu" inatosha, na mbele yake unaweka alama kila siku anaponunua. Weka nyota kwa kila mtu uliyemfahamu kabla ya biashara. Malipo ya simu yapokee kwenye Lipa Namba au laini isiyotumika kwa mambo mengine, ili jioni kiasi kilichoingia kilingane na daftari.

Wateja wa kazi za mikono watakuomba uwaandikie hadi Jumamosi. Ukikataa kabisa utapoteza wateja ambao mgahawa wenyewe ungewapata, na ukikubali kila kitu utapima ukarimu wako badala ya soko. Kijana alikubali deni la sahani mbili kwa mtu, wala hakuhesabu sahani kuwa imeuzwa hadi ilipolipwa.

Hatua ya sita: soma matokeo

Wiki ya kwanza, Jumatatu hadi Jumamosi, aliuza sahani 30, 30, 29, 24, 21 na 22. Jumla ni sahani 156, yaani shilingi 234,000, na kwa kuwa alipika sahani 30 kila siku kwa shilingi 36,000 pamoja na mkaa na bodaboda, matumizi yalikuwa 216,000. Alinipigia simu kwa furaha kwamba amebakiwa na 18,000. Nilimwomba azigawe kwa siku sita. Zilikuwa shilingi 3,000 kwa siku, ilhali ujira wake peke yake ulipaswa kuwa 8,000. Daftari la wateja lilieleza zaidi: katika sahani 30 za siku ya kwanza, 11 zilikuwa za watu wenye nyota.

Wiki ya pili wastani ulikuwa sahani 22 zilizolipwa, na wenye nyota walibaki watatu. Kwa mujibu wa masharti alitakiwa kubadilisha jambo moja, naye alitaka kubadilisha matatu kwa pamoja: kuongeza chai, kupunguza bei na kupita mtaa mwingine. Nilimzuia, kwa sababu mauzo yakipanda baada ya mabadiliko matatu huwezi kujua lipi limeyapandisha. Tulirudi kwenye safu ya saa. Kila siku alianza kwa mafundi cherehani saa mbili, akafika gereji saa tatu, na mafundi wa magari wengi walikuwa wamekwisha kunywa supu. Hata hivyo sahani 16 kati ya 22 zilinunuliwa gerejini. Mafundi cherehani, ambao fremu ilikuwa mbele yao, walinunua sita, na wengi wao walisema hutoka nyumbani wameshakula.

Wiki ya tatu aligeuza njia tu: gereji kwanza, saa mbili kasorobo. Wastani ukawa sahani 24 gerejini na tano kwa mafundi cherehani, jumla 29. Kwa 530 kila moja ni shilingi 15,370. Ukitoa mkaa na bodaboda zinabaki 8,370, yaani ujira wake kamili na ziada kidogo.

Angalia sasa namba hiyo inasema nini kuhusu fremu. Bila fremu, sahani 29 zinamlipa. Ndani ya fremu, sahani hizo hizo zingemwacha chini ya 37 kila siku, tena akiwa amekaa mbele ya wateja watano na kuwapa kisogo wale 24. Alimwambia dalali kwamba hataichukua, akanunua hotpoti mbili zake mwenyewe na meza ya kukunja kwa shilingi 140,000, na akakubaliana na mwenye gereji amlipe kidogo kila Jumamosi kwa nafasi ya kuweka meza karibu na geti.