Jinsi ya kufupisha Excel ya mauzo ya kikundi mnapoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri

Kama kikundi chenu cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaomba huu mkopo usio na riba, andiko la mradi ndo linabeba kila kitu, na afisa maendeleo ya jamii wa kata hawezi kukaa kusoma mistari 183 ya mauzo. Mpeni nusu ukurasa. Nitatumia ya kikundi chetu cha sabuni ya maji, mauzo ya miezi mitatu.

Anza na kolamu. Zetu zilikuwa Tarehe, Mteja, Lita, Bei, Jumla na Malipo, af kila moja unaielezea kwa sentensi moja maana kwetu Bei ni ya lita sio ya dumu, na Malipo imeandikwa "taslimu" au "mkopo" yaani mteja kachukua hajalipa siku ile. Usipolisema hilo mtu atadhani pesa yote iko mkononi.

Halafu jumla, na hapa ndo wengi tunaumia. Excel ilituletea 2,140,000 wakati daftari la mhazini linasema 2,615,000, tukaanza kutazamana vibaya, kumbe aliyekuwa anajaza mwanzoni aliandika "12,500/=" na Excel ikiona hiyo alama inachukulia ni maneno, inairuka kimya kimya bila kukwambia. Utaijua kwa macho, namba ya kweli inakaa kulia mwa seli, hiyo inakaa kushoto. Pima hivi:

```
=COUNTA(E2:E184)
=COUNT(E2:E184)
```

Ya kwanza ilitupa 183, ya pili 145, kwa hiyo seli 38 zilikuwa hazihesabiwi. Tukabonyeza Ctrl+H, tukatafuta /= na sehemu ya pili tukaiacha wazi, tukapima tena zikalingana, na jumla ikakaa sawa na daftari. Ndo ukatoe ya mkopo:

```
=SUMIF(F2:F184,"mkopo",E2:E184)
```

Ikaja 610,000, taslimu ikabaki 2,005,000. Na tafadhali andikeni "mauzo", msiandike "faida", maana gharama za malighafi hazimo kwenye hiyo shiti.

Mwisho andika mnachokiona kwenye hizo namba, mambo mawili yanatosha. Sisi tuliandika kwamba mauzo yanapanda wiki ya kwanza ya mwezi watu wakishapata mshahara, na kwamba mteja mmoja mwenye hoteli alinunua 1,050,000, kama asilimia 40 ya yote. Kuna mwenzetu alitaka tulifiche hilo la pili, mi nikakataa, kwa sababu akihama huyo marejesho yanayumba, na hapohapo ndo tukapata sababu ya kuombea pesa ya kusambaza kwenye maduka ya mtaani.

Chapisha, mhazini na mwenyekiti wasaini, ambatanisha nyuma ya andiko, na hiyo Excel iwekeni kwenye flashi siku ya kukaguliwa.