Mteja akilalamika, muulize huwa anafanyaje

Ukiwa unatafuta wazo la biashara na ukamsikia mteja sokoni analalamika, usiishie kuandika lalamiko lake, muulize, “Kwa hiyo huwa unafanyaje?” Chukua dagaa wa Mwanza: wengi hulalamikia mchanga, maana mara nyingi huanikwa chini. Anayejibu “napika hivyo hivyo” hatakuongezea hata mia. Ila anayekaa nusu saa akitoa vichwa na kuwaosha maji matatu tayari anaigharamia kero hiyo, na huyo ndiye mteja wa dagaa waliosafishwa, wakafungwa robo robo. Mbinu hii hukwama kwenye “bei ghali”. Hilo kila mtu husema, na ukishusha bei, muuzaji wa meza ya pili naye anashusha. Kwenye magrupu ya WhatsApp, mtafute anayeuliza “nani anauza?”, wanaolaani tu wapite.