Namna ya kumsalimia askari kwenye kizuizi usiku, na afisa wa uhamiaji dirishani

Nimeendesha magari ya abiria ya safari ndefu kwa miaka mingi, na vizuizi nilivyopita usiku siwezi kuvihesabu. Jambo ambalo nimelithibitisha tena na tena ni kwamba salamu ya kizuizini huanza kabla mdomo haujafunguka. Askari amekwisha kukusoma kwa namna ulivyopunguza mwendo, kwa taa zako na kwa mahali ilipo mikono yako. Maneno huja baadaye, kuthibitisha au kukanusha kile alichokwisha kukiona. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mfuatano wenyewe wa tukio, na nimechagua kizuizi cha barabarani usiku kwa kuwa ndicho chenye wasiwasi mwingi, kwa askari na kwa dereva vilevile.

Hatua ya 1: Mwonyeshe mapema kwamba umemwona

Punguza mwendo mara tu unapoiona tochi au alama ya kizuizi, wala usingoje mpaka umfikie. Gari linalokuja kwa kasi na kufunga breki dakika ya mwisho humfanya askari arudi nyuma, na mtu aliyerudi nyuma kwa kujihami hawezi kuipokea salamu kwa utulivu. Shusha taa kubwa ukiwa bado mbali, na ukisha kusimama baki na taa ndogo peke yake. Jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na dereva mmoja mwenye taa kali anaweza kuiharibu kazi hiyo kwa sekunde chache. Askari aliyepofushwa hakuoni wewe, anaona mwanga tu, na nyuma ya mwanga huo anaweza kuwaza chochote.

Hatua ya 2: Acha gari likutambulishe

Simama pale ulipoelekezwa, vuta breki ya mkono, kisha washa taa ya ndani. Taa hii ndogo ya darini hufanya kazi kubwa kuliko sentensi yoyote, maana humwezesha askari kuwaona watu wote waliomo bila kulazimika kuingiza tochi dirishani. Teremsha kioo chako chote, si nusu. Kioo cha nusu humlazimisha kuinama na kukuuliza kwa sauti ya juu, na sauti iliyokwisha kupanda haishuki kwa urahisi. Zima redio. Simu iwe chini, na hata kama ulikuwa unazungumza na mtu, ikate kabla askari hajafika mlangoni.

Kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani na utulie hapo. Madereva wengi, kwa nia njema kabisa, huanza kufungua mkanda na kupapasa mfukoni ili leseni iwe tayari askari akifika. Mimi nilikuwa mmoja wao. Usiku mmoja leseni iliniponyoka ikaangukia chini ya kiti, nami nikainama kuitafuta wakati askari alikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Alipofika hakuona dereva, aliona mgongo na mkono unaotafuta kitu gizani. Alipiga kelele, akaruka nyuma, na mazungumzo yaliyofuata yalichukua karibu saa nzima ingawa karatasi zangu zote zilikuwa sahihi. Sikuwa nimesema neno lolote baya. Kwa kweli sikuwa nimesema neno lolote.

Mkanda usiufungue mpaka utakapoambiwa ushuke. Mkono unaoshuka kiunoni kuufungua, kwa mtu aliye nje gizani, haufanani na mkono unaofungua mkanda.

Hatua ya 3: Salamu yenyewe

Akisha kufika usawa wa dirisha, mwangalie usoni na useme wewe kwanza: “Habari za kazi, afande?” Naipendelea salamu hii kuliko nyingine zote, na ninazo sababu. Inafaa saa yoyote, haihitaji kujua cheo wala umri wake, na inamtaja kwa shughuli aliyo nayo wakati huo, bila kujifanya kwamba mnafahamiana. Kama ni usiku wa manane au mvua inanyesha, “Poleni na kazi, afande” nayo ni salamu nzuri, hasa wakiwa zaidi ya mmoja, kwa kuwa wingi ule unamjumuisha hata yule aliyesimama mbali upande wa pili wa gari.

Shikamoo inahitaji uangalifu. Ukimwona dhahiri kwamba ni mtu mzima kukuzidi, mpe, naye ataitikia marahaba na mambo yataendelea. Lakini mtu wa makamo anapompa shikamoo askari kijana, yule kijana husikia moja kati ya mambo mawili: kejeli, au kujikomba kwa mtu mwenye kitu cha kuficha. “Mambo vipi” na “niaje” ziache kwa rafiki zako. Vivyo hivyo “bosi”, “mkubwa” na “kamanda wangu”, ambazo msemaji hudhani ni heshima kumbe zina harufu ya ubembelezaji. Neno “afande” linatosha, na latosha mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni. Likirudiwa katika kila sentensi hugeuka dhihaka.

Baada ya salamu nyamaza, umpe nafasi. Huenda akaitikia, huenda akakumulika tu na kusema, “Leseni.” Asipoitikia usirudie salamu wala usiulize kama amesikia. Amesikia. Kutoitikia kwake si ugomvi, isipokuwa wewe ukiamua kuufanya ugomvi. Sentensi ya kwanza isiwe kamwe “Kuna tatizo gani?” wala “Mbona mnatusimamisha tena?”, kwa sababu zote mbili zinamdai ajitetee kabla hajafanya lolote.

Zipo pia sentensi za adabu ambazo mahali pengine hazina neno, lakini kizuizini zina maana ya pili. “Naomba unisaidie”, “tuelewane” na “tuyamalize hapa hapa” husikika kama utangulizi wa rushwa hata kama wewe ulimaanisha kuharakishwa tu. Askari mwadilifu ataudhika, na asiye mwadilifu atafurahi; hakuna kati ya hao wawili unayemtaka katika hali hiyo. Ukitaka kuharakishwa, sema waziwazi: “Nina mgonjwa garini, afande, tunaelekea hospitali.”

Hatua ya 4: Sema kwanza, ndipo usogeze mkono

Akiomba karatasi, taja zilipo kabla ya kuzifuata. Nitaeleza safari moja kwa ukamilifu wake. Nilikuwa na abiria wanne, ilikuwa yapata saa nane usiku, na askari waliokuwepo ni wawili. Mmoja alikuja dirishani kwangu, wa pili alisimama nyuma upande wa kushoto. Baada ya salamu aliomba leseni na bima. Nikamwambia, “Leseni ipo kwenye mfuko wa shati langu, naitoa sasa,” nikaitoa kwa mkono mmoja huku mwingine ukibaki kwenye usukani. Kisha nikasema, “Bima ipo kwenye kisanduku cha dashibodi, mbele ya mwenzangu. Humo pia kuna kisu cha kukatia kamba. Akifungue yeye, au utapenda kufungua wewe mwenyewe?”

Alinyamaza kidogo. Kisha akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma, akamwambia asogee upande ule na tochi, ndipo akamjibu abiria wangu, “Fungua polepole.” Kisanduku kikafunguka, kisu kikaonekana pale pale niliposema, karatasi ya bima ikatoka. Fikiria kisanduku hicho hicho kingefunguliwa bila maelezo, na kitu cha kwanza kung’aa mbele ya tochi kikawa makali ya kisu. Tofauti ilikuwa sentensi moja fupi, iliyosemwa kabla na si baada.

Nusura mambo yaharibike kutoka kiti cha nyuma, ambako kijana mmoja alianza kumjibia askari maswali niliyoulizwa mimi. Nilipoulizwa tunatoka wapi, nilitaja mji tuliolala. Yeye akataja mji alikopandia gari. Majibu yote mawili yalikuwa kweli, lakini kwa askari yalikuwa majibu mawili. Tangu siku hiyo, kabla ya safari huwaeleza abiria kwamba kizuizini msemaji ni dereva, na kila mmoja ajibu pale tu atakapoulizwa yeye.

Hatua ya 5: Kuuliza au kukataa bila kuvunja utulivu

Salamu njema haikufungi kukubali kila kitu, na wala haifuti kosa. Bima iliyokwisha muda imekwisha hata ukisalimia kwa ufasaha gani. Sheria za upekuzi hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo zijue za mahali unapopita. Ukiona unahitaji kuuliza, ngoja amalize sentensi yake, kisha useme kwa sauti ya chini kuliko yake: “Naomba kufahamu sababu ya upekuzi, afande, ili niwaeleze na abiria.” Dalili ya kwamba hali inaharibika huonekana mapema: majibu yake yanakuwa ya neno moja, anarudia swali lile lile, au anamtupia mwenzake jicho. Hapo punguza maneno, rudisha mikono yako mahali pake, jibu swali lililorudiwa kwa maneno yale yale uliyotumia mwanzo. Kubadilisha maneno, hata kwa nia ya kufafanua, huonekana kama kubadilisha habari.

Dirishani kwa afisa wa uhamiaji

Hapa mikono si hoja sana; hoja ni uso na kitabu. Vua kofia, miwani ya jua na vifaa vya masikioni ukiwa bado kwenye foleni. Toa pasipoti kwenye ganda lake na uifungue ukurasa wenye picha, kwa maana mistari 2 iliyo chini ya ukurasa huo, yenye nafasi 44 za herufi na tarakimu kila mmoja, ndiyo inayosomwa na mashine, na ganda huizuia. Sema “Habari za kazi, afisa”, mkabidhi, kisha ungoje. Akiuliza utakaa siku ngapi, jibu “siku nne”, na hizo nne zilingane na tiketi yako ya kurudi. Habari za shemeji aliyekualika si jibu la swali hilo. Usipolielewa swali, sema “Samahani, sijaelewa”, kwani kuitikia kwa kichwa jambo usilolielewa ni kutoa maelezo rasmi usiyoyajua. Mzaha kuhusu yaliyomo kwenye mizigo usiuthubutu hata kidogo.

Hatua ya 6: Kuondoka

Usiwashe injini kwa kuwa umeona mkono wake umepunga. Huenda anamwita mwenzake. Ngoja neno “nenda”, na kama hukulisikia vizuri, uliza: “Naweza kwenda, afande?” Hesabu karatasi zako kabla ya kuziweka, kwa maana kuirudia bima iliyosahaulika mkononi mwa askari, ukishuka na kukimbia gizani kumfuata kwa nyuma, ni kukianza kizuizi upya katika hali mbaya zaidi. Sema “Ahsante, kazi njema”, funga kioo, zima taa ya ndani, na uondoke taratibu. Taa kubwa ziwashe baada ya kumpita askari wa mwisho.