Barua za kundi: moja moja au furushi?

Bwana shamba mmoja wa Newala alijiunga na orodha mbili za barua pepe, moja ya magonjwa ya mikorosho, nyingine ya matangazo ya mnada. Simu ikawa inalia kutwa, bando linaisha, na barua za mnada zinapotea katikati ya mabishano ya ubwiri unga. Tulipanga hivi.

Kwanza, tenganisha orodha. Ya mnada iache ije moja moja, kwani tangazo la leo ukilisoma kesho halikusaidii kitu. Ya magonjwa ndiyo ya kufungwa furushi, yaani barua nyingi zije ndani ya barua moja.

Kama orodha iko Google Groups, ingia kwenye kundi, fungua `My membership settings`, chagua `Digest`, hifadhi. Basi. `Abridged` sikushauri: inakupa vidokezo tu, kisha unarudi mtandaoni kusoma barua yenyewe.

Ikiwa ni Mailman 2, programu ya kuendeshea orodha ambayo bado ipo kwenye orodha nyingi za wataalamu, mimi hutumia barua kuliko ukurasa wake. Andika kwa anwani ya orodha yenye `-request` kabla ya `@`, na ndani uweke:

```
set authenticate NENOSIRI
set digest plain
end
```

Nenosiri ni lile la orodha, si la barua pepe yako. Hiyo `end` usiiache, la sivyo saini yako ya chini nayo itasomwa kama amri.

Sasa hapa ndipo watu wanapokwama. Furushi si lazima liwe moja kwa siku. Mailman kwa kawaida hutuma mara furushi likivuka KB 30, na lililobaki hutoka saa sita mchana kwa saa ya seva. Siku wataalamu wakichachamaa utapata matatu au manne, na hakuna kilichoharibika. Msimamizi ndiye anayeweza kubadili kiwango hicho, wewe huwezi.

Kujibu ndiko kubaya zaidi. Ukibonyeza jibu, kichwa kinakuwa `Re: Korosho Digest, Vol 14, Issue 9`, na furushi zima linarudi kwa wote. Futa yote isipokuwa aya unayoijibu, kisha rudisha kichwa cha barua yenyewe. Hata hivyo, kwenye kumbukumbu ya orodha jibu lako halitaungana na mazungumzo yake. Anayejibu sana achague `set digest mime` na asome kwa Thunderbird kwenye kompyuta: kila barua huja kama kiambatisho, unaifungua na kuijibu hiyo hiyo, uzi haukatiki. Kwenye simu nyingi viambatisho hivyo ni usumbufu mtupu, ndiyo maana bwana shamba wetu, ambaye husoma tu, nilimwekea `plain`. Picha za majani yenye ugonjwa hazitakuja ndani yake. Kwa kawaida utakuta kiungo cha kuzifuata, nalo bando linapona.

Ukitaka kurudi moja moja, tuma amri zile zile, ila weka `set digest off` badala ya `set digest plain`. Furushi moja la mwisho laweza kukufikia baada ya hapo.